Kusahihisha Kirusi Bila Kuizima Sauti ya Mwandishi

Karibu kila kitenzi cha Kirusi kina mwenzake. Mmoja hulionyesha tendo likiendelea, likirudiwa, au likitajwa tu kwamba lilitendeka. Mwingine hulionyesha tendo lilelile likiwa zima, limefika mwisho wake na kuacha matokeo. Warusi huiita tofauti hii vid, na kwa Kiswahili inaweza kuitwa hali ya kitendo: upande wa kwanza ni hali isiyo timilifu, wa pili ni hali timilifu. Mtu akisema kwamba mwanafunzi “sdaval ekzamen”, msikilizaji anaelewa kwamba alifanya mtihani. Akisema “sdal ekzamen”, maana yake alifanya na akafaulu. Wakati ni uleule uliopita, mtihani ni uleule, ila mwenye kusema amechagua mahali pa kusimama: ndani ya tendo au nje yake, baada ya kwisha.

Nomino nazo hubadilika. Kirusi kina viishio vya nomino vya namna sita, vinavyoitwa padezh, na kila kiishio kinaeleza nomino inafanya kazi gani katika sentensi: ndiye mtenda, ndiye mtendwa, ndiye mpewa, ndiye mwenye kitu, ni chombo cha kutendea, au ni mahali. “Doroga” ni barabara ikiwa mtenda au ikitajwa peke yake, “dorogu” ni barabara inayotazamwa au inayoendewa, “na doroge” ni pale barabarani kitu kilipo. Kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa viambishi vya kitenzi na kwa mpangilio wa maneno, Kirusi huifanya mwishoni mwa nomino.

Mambo haya mawili ndiyo humsumbua kwa muda mrefu zaidi mtu anayejifunza Kirusi, hata baada ya kufahamu maneno mengi. Mwanafunzi wa namna hiyo anapoandika hadithi fupi badala ya zoezi la darasani, msahihishaji hukutana na tatizo la pekee. Katika zoezi, kila kisicho cha kawaida ni kosa. Katika hadithi, kisicho cha kawaida kinaweza kuwa kosa, na kinaweza pia kuwa ndicho kitu pekee ambacho mwandishi huyo anacho na wengine hawana. Kosa na sauti hukaa katika sentensi moja, na mara nyingine katika neno moja.

Rasimu ya mfano

Wanafunzi wanaozungumza Kiswahili wamekuwa wakijifunza Kirusi kwa miongo mingi, hasa tangu kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa mjini Moscow mwaka 1960, ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la Patrice Lumumba. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini makosa yake ni ya kweli kwa maana kwamba yanatokana na mahali ambapo Kiswahili na Kirusi havilingani. Maneno ya Kirusi yameandikwa kwa herufi zinazosomeka kwa Kiswahili. Mwanafunzi ameandika hivi:

“Kazhdiy vecher babushka otkrila dver. Ona smotrela na doroge. Doroga, doroga, i nikogo. Sin zhdala babushka. Zhdala, zhdala, zhdala. Odnazhdi pochtalyon prinosil pismo. Babushka vzyala pismo i dolgo ne otkrila. V dome ne bilo lampa. Ya prochital yeyo pismo u ognya. Pismo konchilos. Babushka slushala.”

Alichokusudia ni hiki: kila jioni bibi alifungua mlango. Aliangalia barabarani. Barabara, barabara, na hakuna mtu. Mwanawe, bibi alimngoja. Alingoja, alingoja, alingoja. Siku moja mleta barua alileta barua. Bibi aliipokea na kwa muda mrefu hakuifungua. Nyumbani hapakuwa na taa. Nilimsomea barua kando ya moto. Barua iliisha. Bibi alisikiliza.

Ni hadithi fupi sana, na ina makosa saba au manane kulingana na anayehesabu. Hiyo “saba au manane” si uzembe wa kuhesabu. Moja kati ya hayo linageuka kuwa si kosa mara mwandishi anapoulizwa, na kuna neno jingine ambalo msahihishaji mwenye haraka angelihesabu kuwa kosa ilhali ndilo moyo wa hadithi.

Makosa ya hali ya kitendo

Sentensi ya kwanza ina kosa lisilo na utetezi. “Kazhdiy vecher” ni kila jioni, na “otkrila” ni kitenzi timilifu: alifungua mara moja, mlango ukawa wazi. Maneno hayo mawili yanavutana. Tendo linalorudiwa bila idadi huhitaji mwenzake asiye timilifu, “otkrivala”. Asili ya kosa inaonekana wazi kwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu “kila jioni bibi alifungua mlango” ni sentensi safi kabisa. Kiambishi -li- hubeba tendo la mara moja na la mara nyingi bila kulalamika. Kiswahili kikitaka kuonyesha mazoea ya zamani kinaweza kusema “alikuwa akifungua”, lakini hakilazimishi. Kirusi kinalazimisha.

Hapa msahihishaji anapaswa kujihadhari na kanuni iliyokatwa fupi mno, ile isemayo kwamba kurudia siku zote ni hali isiyo timilifu. Mrusi husema vizuri kabisa “tri raza otkrila dver”, alifungua mlango mara tatu, kwa kitenzi timilifu, kwa kuwa mara tatu hizo zimehesabiwa na kufungwa pamoja kama jambo moja lililokwisha. Kinachodai “otkrivala” katika hadithi hii ni “kila jioni”, mazoea yasiyo na hesabu wala mwisho.

Kosa la pili liko kwa mleta barua. “Odnazhdi” ni siku moja, na baada yake msomaji anatarajia hadithi isonge mbele. Katika masimulizi ya Kirusi, vitenzi timilifu ndivyo hufanya kazi inayofanana na -ka- ya Kiswahili: akaja, akaleta, akachukua. Kila kimoja hufunga jambo na kufungua linalofuata. Vitenzi visivyo timilifu husimamisha hadithi ili mazingira yaonekane. Mwanafunzi ameandika “prinosil”, kitenzi kisicho timilifu, na kwa hiyo hadithi inakwama mahali ilipotakiwa kuruka.

Lakini kuna madhara makubwa zaidi ya kukwama. Kwa vitenzi vya kuleta, kufungua, kupokea na kuja, hali isiyo timilifu katika wakati uliopita huweza kudokeza kwamba matokeo ya tendo hayapo tena. Mrusi akisikia kwamba mleta barua “prinosil pismo”, anaweza kuelewa kwamba alikuja nayo kisha akaondoka nayo, labda hakumkuta mwenyewe. Sentensi inayofuata inamwonyesha bibi akiwa na barua mkononi, na msomaji analazimika kurudi nyuma kuelewa imefikaje. “Prinyos” linaondoa shaka: alileta, na barua imebaki.

Kosa la tatu lina mafunzo zaidi. “Dolgo ne otkrila” haliwezekani kwa sababu “dolgo”, kwa muda mrefu, hupima muda unaopita, na kitenzi timilifu kama hiki hakina muda wa kupimwa. Tendo lake ni nukta. Hata hivyo kuna njia mbili za kulitengeneza. Ya kwanza ni kubadili kitenzi: “dolgo ne otkrivala”, alikaa muda mrefu bila kuifungua. Ya pili ni kuondoa “dolgo” na kuacha kitenzi kilivyo: “vzyala pismo i ne otkrila”, aliipokea na hakuifungua, basi. Zote mbili ni Kirusi sahihi, lakini ni hadithi mbili. Katika ya kwanza bibi anasita, na barua itafunguliwa baadaye. Katika ya pili bibi amekataa. Kwa kuwa barua inasomwa sentensi mbili mbele, njia ya kwanza ndiyo inayolingana na hadithi. Msahihishaji hakuamua kwa kanuni peke yake, ameamua kwa kusoma hadithi hadi mwisho kabla ya kugusa neno.

Makosa ya viishio

“V dome ne bilo lampa” ni kosa la wazi. Kirusi kikisema kwamba kitu hakipo, kitu hicho huingia katika kiishio cha umiliki: “ne bilo lampi”. Hakuna maana ya pili inayojificha nyuma ya “lampa” katika sentensi hiyo, wala hakuna Mrusi atakayeisoma kama mtindo. Mwanafunzi wa Kiswahili hukosea kwa sababu “taa” haibadiliki, iwe ipo au haipo; kukanusha kote hufanywa na “hapakuwa na”. Marekebisho ni herufi moja, na hayana la kujadiliwa.

“Ona smotrela na doroge” ni jambo jingine kabisa. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi. Shida yake ni kwamba inasema kitu tofauti: bibi alikuwa amesimama barabarani, akitazama. Kirusi hutofautisha mahali kitu kilipo na mahali kitu kinapoelekea, hata kama ni macho tu yanayoelekea. Kiswahili kina -ni moja kwa vyote viwili: yuko barabarani, anakwenda barabarani, anatazama barabarani. Msahihishaji anaweza kukisia kwamba mwandishi alitaka “na dorogu”, kwa kuwa bibi amekwisha kuonekana akifungua mlango, na anayefungua mlango huenda anatazama kutoka hapo. Hata hivyo mtu anaweza kufungua mlango na kutoka hadi barabarani. Kukisia kwa aina hii ndiko kunakowanyang’anya waandishi hadithi zao polepole. Swali moja lamaliza: bibi alikuwa amesimama wapi? Na likiulizwa kwa Kiswahili, jibu huja bila kuchujwa na sarufi ambayo mwandishi bado anahangaika nayo.

“Ya prochital yeyo pismo” nayo ni sahihi na inapotosha. “Yeyo pismo” ni barua yake. Mrusi anasoma kwamba msimulizi alisoma barua ya bibi, pengine peke yake, pengine kwa siri. Mwandishi alitaka kusema alimsomea. Kiswahili huingiza mpokeaji ndani ya kitenzi: kusoma huwa kusomea, na bibi anajitokeza katika -m-. Kirusi hakina kitenzi cha namna hiyo na badala yake humpa mpokeaji kiishio chake, kile cha mpewa: “yey”, kwake yeye. Silabi moja inamgeuza msimulizi kutoka mtu anayechungulia barua ya mwingine hadi mjukuu anayemsomea bibi yake. Asili hiyohiyo inaweza kuzalisha kosa la kusema “pomogal babushku” kwa nilimsaidia bibi. Kwa kuwa -m- ya Kiswahili humfanya bibi aonekane mtendwa wa kawaida, mwanafunzi humpa kiishio cha mtendwa, ilhali kitenzi cha kusaidia katika Kirusi hudai kiishio cha mpewa: “pomogal babushke”.

Limebaki “Sin zhdala babushka”. Nomino ya kiume yenye uhai, ikiwa mtendwa, hubadilika: “sin” huwa “sina”. Nomino ya kiume isiyo na uhai haibadiliki, wala “pismo” isiyo ya kike wala ya kiume haibadiliki, na ndiyo sababu mwanafunzi aliyezoea kuandika “vzyala pismo” husahau kwamba mwana si barua. Kosa ni dogo. Ila sentensi hii ndiyo inayomtega msahihishaji kuliko zote, kwa kuwa mtendwa ametangulia na mtenda yuko mwisho. Mkono wa haraka utaandika “Babushka zhdala sina”, bibi alimngoja mwanawe, na kuona kwamba kazi imekwisha.

Kazi imezidi. Katika Kirusi, viishio vikiwa sahihi, maneno yana uhuru wa kuhama. Mpangilio hautumiki kueleza nani alimtenda nani. Hutumika kueleza uzito uko wapi. “Sina zhdala babushka” inamweka mwana mbele, mara tu baada ya barabara tupu. Msomaji ameona barabara, ameona kwamba hakuna mtu, kisha neno la kwanza analokutana nalo ni yule asiyekuwepo. Kiishio kimoja kinatosha. Kuupanga upya mstari ni kusahihisha kitu ambacho hakikukosewa.

Kile kisichoguswa

Baada ya makosa kutengwa, yanabaki maneno ambayo hayafanani na Kirusi cha vitabu vya shule lakini yanafanya kazi. La kwanza ni “Doroga, doroga, i nikogo”. Hakuna kitenzi. Kirusi huruhusu sentensi za nomino peke yake, na hapa nomino iliyorudiwa inarefusha barabara machoni pa msomaji. Msahihishaji mwenye kupenda ukamilifu ataandika “na doroge nikogo ne bilo”, barabarani hapakuwa na mtu, na atakuwa ametoa taarifa sahihi kuhusu msongamano wa watu.

La pili ni “Zhdala, zhdala, zhdala”. Kitabu cha mtindo kinaweza kushauri “dolgo zhdala”, alingoja kwa muda mrefu. Kurudia kitenzi ni namna ambayo Kirusi chenyewe kinaijua vizuri, hasa katika usimulizi wa mdomo, na Kiswahili kinaijua vilevile. Hapa lugha mbili zinakutana na mwandishi amepita kwenye daraja hilo bila kujikwaa. Lipo jambo jingine la kuzingatia: “zhdala” ni kitenzi kisicho timilifu, kimetumiwa mahali pake. Kumbe mwandishi anaijua hali hiyo. Ujuzi huo utakuwa ushahidi muhimu katika kuamua sentensi ya mwisho.

La tatu ni kurudiwa kwa kitenzi cha kufungua. Katika rasimu bibi alifungua mlango na hakufungua barua, na vitenzi vyote viwili vilikuwa na kosa lilelile. Vikisahihishwa, vyote viwili vinakuwa “otkrivala”: kila jioni alikuwa akifungua mlango, kwa muda mrefu alikaa bila kufungua barua. Wahariri wengi hufundishwa kukwepa neno lililorudiwa karibu karibu, na Kirusi kina kitenzi cha kufungua bahasha iliyofungwa, “raspechativala”, ambacho kingefaa sana mahali pa pili. Kukitumia kungekata uzi. Mikono ileile inayofungua mlango kila siku haiwezi kufungua karatasi, na ni neno moja kurudiwa ndiko kunakomwonyesha msomaji jambo hilo bila kuambiwa.

La nne ni “Babushka slushala”. Sentensi inayotangulia, “Pismo konchilos”, barua iliisha, ina kitenzi timilifu na inafunga tendo. Anayefuata kanuni atatarajia na la bibi lifungwe: “vislushala”, alisikiliza mpaka mwisho. Kwa muono huo “slushala” ni kosa la aina ileile iliyoonekana kwa mleta barua: hadithi inasonga, kitenzi kimesimama. Lakini soma tena. Barua imekwisha, na bibi bado anasikiliza. Kitenzi kisicho timilifu kimewekwa baada ya mwisho wa kitu kinachosikilizwa, na kwa hiyo kinasema lile ambalo hakuna kitenzi timilifu kingeweza kulisema, kwamba kungoja kwa bibi hakukuisha pamoja na barua. Aliyetumia “zhdala” kwa usahihi mara nne anajua anachokifanya, au walau sikio lake linajua. Kuandika “vislushala” kungeifunga hadithi kama faili la ofisini.

Panapohitaji kuuliza

Kati ya kosa na mtindo pana eneo la tatu, na hadithi hii ina mfano mzuri. “Prochital”, kitenzi timilifu, kinasema kwamba usomaji umekwisha. Mara baada yake “Pismo konchilos” inasema kwamba barua imekwisha. Mambo mawili yamefungwa kwa kishindo kimoja. “Chital”, kisicho timilifu, kingeacha usomaji wazi, kwa hiyo kwisha kwa barua kungemgusa msomaji kama jambo jipya. Hata hivyo “prochital” si kosa. Mrusi anaweza kuandika hivyo, na mwandishi anaweza kuwa amekusudia kwamba mjukuu alisoma haraka, amalize, kwa kuwa habari ilikuwa nzito.

Hili ndilo lile kosa la nane lisilo na uhakika. Msahihishaji hana haki ya kulibadilisha kimyakimya. Anachoweza ni kuandika pembeni kile ambacho kila kitenzi kinafanya na kuacha uamuzi kwa mwenyewe: kwa “prochital” mjukuu anamaliza kazi, kwa “chital” tunakuwa naye kando ya moto. Maelezo ya namna hiyo humfundisha mwandishi zaidi ya alama nyekundu, kwa kuwa yanaionyesha hali ya kitendo kama chombo mkononi mwake badala ya mtego wa mtihani. Katika toleo la mwisho lililo hapa chini imechukuliwa kwamba mwandishi amechagua “chital”.

Kufuta na kupamba

Sauti ya mwandishi hupotea kwa njia mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza ni kulainisha. Sentensi tano za mwanzo zinaweza kukunjwa kuwa moja: “Po vecheram babushka podolgu stoyala u otkritoy dveri, glyadya na pustuyu dorogu.” Kila jioni bibi alisimama kwa muda mrefu kwenye mlango ulio wazi, akitazama barabara tupu. Ni Kirusi kizuri, viishio vyote vimekaa sawa, hali ya kitendo haina dosari. Ni sentensi ambayo wahariri mia wangeiandika kwa namna ileile. Mwana ametoweka, kungoja kumetoweka, na pumzi fupi fupi za msimulizi zimegeuzwa mstari mmoja mrefu unaoteleza.

Njia ya pili ni kupamba kwa Urusi isiyo ya mwandishi. Msahihishaji anayetaka kuokoa “otkrila” anaweza kukumbuka umbo la usimulizi la kale, “bivalo, otkroyet babushka dver i smotrit na dorogu”. Umbo hili ni la kweli na ni la kupendeza: neno “bivalo” huleta mazoea ya zamani, kisha kitenzi timilifu katika umbo la wakati ujao humwonyesha bibi akifungua mlango kama vile tunamwona jioni moja kati ya nyingi. Ila harufu yake ni ya kijiji cha Urusi na mzee anayesimulia karibu na jiko. Bibi wa hadithi hii si wa huko, na msimulizi wake hazungumzi hivyo. Kumvika lahaja ya watu wengine ni kumfuta vilevile kama kumlainisha.

Wahariri wa Kirusi wenyewe wamelijadili jambo hili kwa muda mrefu. Lidiya Chukovskaya, aliyefanya kazi katika idara ya vitabu vya watoto mjini Leningrad chini ya Samuil Marshak, alichapisha mwaka 1960 kitabu kuhusu kazi ya mhariri, “V laboratorii redaktora”, na ndani yake alipinga uhariri wa kufuata kanuni kimashine ambao huufanya kila mwandishi afanane na mwenzake. Fasihi ya Kirusi ina ushahidi wake pia. Andrey Platonov aliandika sentensi ambazo vitenzi vyake huchukua nomino visizozizoea na viishio vinavyomshtua msomaji, naye alikuwa Mrusi aliyeijua lugha yake barabara. Ugeni wa sentensi zake ukinyooshwa, kinachobaki si Platonov.

Hoja hiyo ina mpaka, na mpaka huo ni wa haki. Platonov aliikunja kanuni akiwa anaijua, na msomaji anaona mkunjo ukirudi mahali pengi kwa namna moja. “Ne bilo lampa” haikunji kitu. Kuiacha kwa kisingizio kwamba inapendeza, kwamba ndivyo mgeni anavyozungumza, ni kumdharau mwandishi aliyekuja kutafuta msaada. Msomaji wa Kirusi ataliona kosa kabla hajamwona bibi, na kuanzia hapo ataisoma hadithi kwa huruma badala ya kuisoma kwa makini.

Hatua za kazi

Utaratibu unaotokana na mfano huu una mpangilio wake. Hadithi husomwa yote kwanza bila kalamu, kwa kuwa hali ya kitendo katika sentensi moja hutegemea kinachotokea sentensi tatu mbele. Kisha kila neno lenye shaka hupimwa kwa swali moja: je, sentensi hii ilivyo ina maana yoyote katika Kirusi? Ikiwa haina, kama ilivyo kwa “kila jioni otkrila”, “sin zhdala babushka” na “ne bilo lampa”, ni kosa na hurekebishwa moja kwa moja. Ikiwa ina maana lakini si ile inayoelekea kukusudiwa, kama “na doroge” na “yeyo pismo”, mwandishi huulizwa alichokiona, si kanuni aliyoikumbuka. Ikiwa ina maana na maana hiyo inaipa hadithi nguvu, kama “slushala”, haiguswi.

Marekebisho yenyewe hufanywa kwa kubadilisha kidogo kadiri inavyowezekana: kiishio kabla ya neno, neno kabla ya mpangilio, na mpangilio kabla ya sentensi nzima. Mwisho husomwa kwa sauti, kwa sababu “otkrivala” ina silabi moja zaidi ya “otkrila” na mapigo ya mstari hubadilika. Kama mstari umelegea, mwandishi ndiye wa kuukaza, kwa maneno yake.

Rasimu iliyopitia hatua hizo inasomeka hivi:

“Kazhdiy vecher babushka otkrivala dver. Ona smotrela na dorogu. Doroga, doroga, i nikogo. Sina zhdala babushka. Zhdala, zhdala, zhdala. Odnazhdi pochtalyon prinyos pismo. Babushka vzyala pismo i dolgo ne otkrivala. V dome ne bilo lampi. Ya chital yey pismo u ognya. Pismo konchilos. Babushka slushala.”

Maneno manane yamebadilika. Hakuna sentensi iliyoongezwa, iliyounganishwa wala kuhamishwa. Vitenzi vinne vimebadilishana nafasi na wenzao, nomino tatu zimepata viishio vyake, na kiwakilishi kimoja kimemrudisha bibi mahali pa anayesomewa. Mrusi akiisoma hatakutana na kosa la kumkwaza, na mwandishi akiisoma atakuta kila sentensi bado ni yake.